Tangazo lililosheawa mara 412 likauza duveti tatu: uchambuzi wa ripoti ya Ads Manager

Wadau, karibuni tena. Niko Kisumu, ofisini, na leo nachambua ile ripoti ya Ads Manager ambayo wengi wetu tunaifungua asubuhi kabla ya chai. Bidhaa yenyewe mnaijua, ni ile ya Meta ya kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram. Swali langu ni moja: kati ya zile namba za chini ya tangazo, yaani kushea, kuseivu na komenti, ni ipi inayokuambia ukweli kuhusu pesa zitakazoingia kwa tili?

Tazameni skrini. Haya ni matangazo mawili ya mama mmoja anayeuza duveti hapa mjini, na amenipa ruhusa nionyeshe namba bila jina lake. Yote mawili yalikula shilingi 6,000, yaani 600 kwa siku kwa siku kumi, kuanzia tarehe 20. Eneo ni lilelile, Kisumu mpaka Kakamega na Siaya, na yote yalikuwa ya kumleta mteja kwa WhatsApp. Kila moja lilikuwa na bajeti yake, kwa sababu ukiyaweka pamoja mfumo huchagua kipenzi chake mapema na kukipa karibu pesa zote, halafu huna la kulinganisha.

La kwanza ni video. Mume na mke wanavutana blanketi usiku, mume anaanguka kitandani, mwishowe duveti inaingia. Inachekesha kweli. Hapa kwa Post shares ni 412, komenti 186, waliolihifadhi 21. La pili halina kichekesho chochote. Ni mkono unafungua zipu ya duveti, unaonyesha pamba ya ndani, kisha futi ya fundi inapimwa kutoka pembe hadi pembe, na maandishi: sita kwa sita, shilingi 2,800, tunatuma kwa matatu. Hilo lilisheawa mara 38, komenti 57, lakini waliolihifadhi ni 94.

Mama alinipigia simu siku ya nne akitaka tuzime la pili, pesa zote ziende kwa video. Na hata mwisho wa siku kumi, safu ya chati za WhatsApp ilikuwa upande wake. Messaging conversations started, video imeleta 118, la mkono 76. Kwa hiyo kila chati ya video iligharimu kama shilingi 51, na ya mkono 79. Mtu yeyote akiangalia hapo atasema video imeshinda. Nilimwomba tumalize siku kumi, na tuhesabu duveti zilizolipiwa.

Tukihesabu mpaka tarehe 8 ya mwezi uliofuata, video iliuza 3. Mkono uliuza 16.

Fanyeni hesabu nami. Faida yake kwa duveti moja, baada ya kununua na kufungasha, ni shilingi 700. Kwa video, kumpata mnunuzi mmoja kuligharimu shilingi 2,000, kwa hiyo kila duveti iliyouzwa ilimtia hasara ya 1,300. Kwa mkono, mnunuzi mmoja alikuja kwa shilingi 375, akabaki na 325. Ile chati ya shilingi 51 ndiyo iliyokuwa ghali.

Sasa kwa nini? Nilikaa na simu yake jioni mbili nikasoma kila kitu. Komenti za video, 131 kati ya 186 ni watu wanawatag wenzao na kucheka: "huyu ni wewe kabisa". Anayeshea video ile anamtumia dada yake kwa sababu ya mume, duveti hajaiona. Tena ikisheawa inatoka nje ya eneo ulilolipia. Tulipata chati kutoka Kilifi na nyingine kutoka Mwanza, watu wema kabisa, ila hatuwezi kuwatumia mzigo wa 2,800 tukabaki na kitu.

Komenti za mkono zilikuwa chache lakini someni hizi tatu: "Inafuliwa kwa mashine?" "Mko na ya tano kwa sita?" "Bondo mnatuma kwa stage gani?" Huyo wa Bondo tayari ameiweka duveti kitandani kwake kichwani mwake, amebakiza usafiri tu. Ndiyo maana safu ya Post comments peke yake hainisaidii. Inahesabu kicheko na swali la stage kuwa kitu kimoja.

Na kuna ile tabia yetu ya kuficha bei, "bei inbox". Jamani, ile inatengeneza komenti za "bei?" kwa wingi na inakudanganya. Wengi wanaouliza wanapima tu kama iko ndani ya uwezo wao, na wakijibiwa wananyamaza. Mwezi uliotangulia mama huyu alikuwa akificha bei. Tulipoiandika kwenye picha, komenti zilipungua zaidi ya nusu, mauzo hayakupungua. Tulichopunguza ni kazi ya kujibu.

Tuje kwa kuseivu, kwa sababu hapa ndipo ripoti inawachanganya wengi. Siku ya kumi, tarehe 29, mkono ulikuwa umeuza 11 tu. Zile 5 nyingine zilikuja kati ya tarehe 30 na tarehe 8, mshahara ulipoingia, tangazo likiwa limezimwa. Wanne kati ya hao watano walianza kwa kutuma picha ileile ya futi. Mmoja aliandika, "niliiweka nikingoja end month." Ads Manager haikuonyeshi ni nani aliyehifadhi, inakupa jumla tu, kwa hiyo siwezi kusema wote wanne walibonyeza kuseivu. Pengine wengine walipiga skrinshoti, na skrinshoti haihesabiwi popote. Ila mnaona mwendo. Kwa kawaida mfumo unahesabu mauzo ndani ya siku 7 baada ya mtu kubonyeza. Aliyeona tarehe 20 akalipa tarehe 1 yuko nje. Na sisi tunalipwa kwa M-Pesa baada ya maongezi ya WhatsApp, malipo ambayo Ads Manager haiyaoni kabisa, labda uyarekodi mwenyewe.

Tulirekodi hivi. Kila tangazo lina ujumbe wake ulioandikwa tayari, ule mteja anaoukuta kwenye WhatsApp akibonyeza. La video tuliandika "Habari, nimeona video ya duveti", la mkono "Habari, nauliza duveti ya 6x6". Chati ikiingia unajua imetoka wapi. Kisha WhatsApp Business ina lebo. Tukaweka moja tuliyoiita "swali la pili", na nyingine kwa aliyelipa.

Swali la pili ndilo ninalotaka mwondoke nalo. Mteja akishaambiwa bei, akirudi na swali jingine lolote kuhusu saizi, rangi, kutumiwa au kulipa, anapata lebo. Kati ya chati 118 za video, waliouliza swali la pili ni 14. Kati ya 76 za mkono, ni 39. Yaani swali la pili liligharimu shilingi 429 upande wa video na 154 upande wa mkono. Na tazameni: tofauti hiyo ilionekana siku ya tano, wakati video ilikuwa na mauzo 1 na mkono 4, namba ndogo mno kumwamulia mtu biashara. Kwa duka dogo hiyo ni kazi kubwa ambayo mauzo yenyewe hayaifanyi. Mfumo wa Meta unapendekeza kama matokeo 50 kwa wiki ili utoke kwenye hatua ya kujifunza, yaani kipindi ambacho mfumo bado unatafuta ni nani wa kuonyeshwa tangazo. Duka la duveti 16 kwa mwezi halifiki huko, kwa hiyo lazima usome dalili iliyo karibu na malipo.

Kuna mtego mmoja wa hesabu. Nilichukua matangazo yake tisa ya miezi minne nikayatoa kwenye jedwali, nikatafuta uhusiano wa kila dalili na mauzo. Mara ya kwanza kila kitu kilionekana kutabiri mauzo, hata laiki. Sababu ni kwamba tangazo lililopewa pesa nyingi lina kila kitu kingi. Inabidi ugawanye kwanza: kuseivu kwa kila watu 1,000 waliofikiwa, mauzo kwa kila watu 1,000 waliofikiwa. Ndipo uandike:

```
=CORREL(H2:H10,J2:J10)
```

Safu ya H ni dalili unayoipima, J ni mauzo, zote zimeshagawanywa. Jibu likiwa karibu na 1 zinapanda pamoja, likiwa karibu na 0 hazijuani. Baada ya kugawanya, kushea kulianguka karibu na sifuri, kuseivu kukabaki juu, na swali la pili likawa juu zaidi. Halafu ondoa tangazo moja lililofanya vizuri kupita yote, urudie. Jibu likibadilika sana, ulikuwa unasoma tangazo moja, na mistari tisa ni michache. Jibu la kuseivu kwa mama huyu lilishuka kidogo, halikuvunjika.

Mipaka iko. Duveti ni kitu cha kufikiria, mtu anasubiri mshahara, ndiyo maana anahifadhi. Nimejaribu hesabu hii kwa muuza chipsi na kuku wa Kondele, kuseivu hakukuniambia chochote, kwa sababu mwenye njaa anapiga simu hapohapo. Na posti ya maelekezo, kama "jinsi ya kufua duveti", itahifadhiwa sana bila mtu kununua. Kuseivu kunasema kitu pale bei na saizi ziko ndani ya kile kilichohifadhiwa.

Pia angalia ulichomwagiza mfumo atafute nani. Ukichagua lengo la Engagement na kuomba watu waiguse posti, utaletewa watu ambao kazi yao mtandaoni ni kulaiki na kushea, na ripoti itapendeza sana. Huwezi kulinganisha kuseivu kwa tangazo hilo na kwa tangazo la kuleta chati. Hao ni watu wawili tofauti.

Kwa hiyo Ads Manager kama bidhaa: kwa kuonyesha pesa ilikoenda, naiamini. Kwa safu zake za kushea na komenti, mimi nimeziondoa kwenye mwonekano wangu kupitia Customize columns, nimebakiza pesa iliyotumika, Reach, Post saves na chati. Swali la pili naliandika kwa mkono pembeni, kila jioni saa mbili, mama akisoma lebo nami nikijaza.

Wiki hii tunajaribu kitu kingine. Tumechukua ile video ya kuchekesha, tukakata sekunde za mwisho na kubandika mkono, futi na bei. Leo ni siku ya tatu. Imesheawa 97, imeseiviwa 31, maswali ya pili 9 kwa shilingi 1,800. Hiyo ni shilingi 200 kwa swali. Bado iko nyuma ya mkono mtupu, lakini si ile video ya 429 tena. Tarehe 8 tukishafunga hesabu ya mshahara nitawaonyesha tili.