Barafu ya nchi kavu na barafu inayoelea: ipi inaipandisha bahari?

Chukua gilasi mbili za maji ya kunywa pale Forodhani. Ya kwanza itie donge la barafu la gramu 100, kisha weka alama usawa wa maji. Donge linaelea kwa kusukuma kando maji yenye uzito sawa na wake, yaani mililita 100. Likiyeyuka linatoa mililita 100 zilezile, na alama haisogei. Ni kama ngalawa iliyokwisha shushwa: nafasi yake majini imeshaichukua.

Gilasi ya pili iwekee chujio juu, donge liwe ndani ya chujio. Hapo kila tone linaloanguka ni nyongeza. Ndiyo hali ya Grinilandi, ambako barafu imekalia mwamba. Ikiyeyuka yote, bahari itapanda kama mita 7.

Sasa rudia ile ya kwanza kwa maji ya bahari. Maji ya chumvi ni mazito zaidi, kwa hiyo donge lilelile la maji matamu linasukuma kama mililita 97.5 tu. Likiyeyuka, zinazidi 2.5. Kumbe barafu inayoelea nayo inapandisha, ila kidogo mno.