SolidWorks kwa fremu za geti: uzoefu wangu katika atelye ya Lubumbashi

Atelye yetu iko Katuba, na kazi inayotuletea pesa nyingi ni geti. Sasa fremu zote nazichora kwanza kwa SolidWorks, programu ya kuchora kwenye kompyuta, upande wa Weldments, yaani fremu za kuchomelea. Naipa alama nzuri kwa sababu inanipa orodha ya vipande kabla msumeno haujagusa chuma.

Chukua geti la milango miwili, kila mlango upana 1500 na urefu 2000, kipimo cha nje kwa milimita, bomba la mraba 40 × 40 × 2. Nachora mstatili, nachagua Structural Member, kisha kwenye Apply corner treatment naweka End Miter ili kona zikutane kwa nyuzi 45. Hapa uwe macho: bomba kwa kawaida hukaa katikati ya mstari. Ukichora 1500 × 2000, fremu inatoka 1540 × 2040, na geti haliingii kati ya nguzo. Fungua Locate Profile, chagua kona ya nje ya bomba, na vipimo ulivyochora vinakuwa vya nje.

Bomba la kati nalitengeneza kama Structural Member ya pekee. Lisipokatwa kwa Trim/Extend linazama ndani ya mabomba ya wima, na kwa macho huoni kitu. Jedwali la orodha ya vipande ndilo linalokuambia: LENGTH inasoma 1500 badala ya 1420.

Kwa milango yote miwili orodha ni vipande 4 vya 2000, 4 vya 1500 na 2 vya 1420. Vile vya kona, LENGTH ni ya upande mrefu, kutoka ncha hadi ncha, na ANGLE1 na ANGLE2 zinasoma 45. Lakini nyuzi hizo mbili peke yake hazimwambii mkataji kama ncha zinainama kuelekeana au kufuatana, kwa hiyo natoa na mchoro wa kila kipande.

Orodha hiyo haipangi vipande kwenye baa za mita 6. Hilo nalifanya mwenyewe: baa mbili, kila moja 2000 mbili na 1500 moja, ya tatu, 1500 mbili na 1420 mbili, yaani 5840, na zinabaki 160 ambazo zinatosha kabisa kwa unga wa diski. Baa tatu tu, na mteja anaonyeshwa hesabu hiyo kabla ya kutoa pesa ya vyuma.

Sakafuni fundi anashika kona kwa nukta kwanza, halafu anapima mshazari. Kwa 1500 × 2000, yote miwili lazima isome 2500. Ikitofautiana, anavuta fremu kabla ya kuchomelea kabisa, maana baadaye joto limeshaikaza vibaya.

Leseni ni ghali. Kwa anayetengeneza geti moja kwa mwezi, kalamu na karatasi zinatosha. Kwa atelye yenye oda kila wiki, mimi ningeilipia tena.