Karakana ndogo ya useremala: bima ipi ununue kwanza, na akiba ya kiasi gani

Mwongozo huu ni wa fundi seremala mwenye karakana ya kupanga jijini Dar es Salaam, iwe Keko au kwingineko, mwenye mashine tatu za umeme, mbao stoo na kazi za wateja zilizofika nusu. Majanga yake ni matatu: moto, wizi na mashine kufa. Watu wengi huyaweka kwenye kapu moja na kuuliza "bima ya karakana ni shilingi ngapi?" Swali hilo halina jibu zuri, kwa sababu hasara ya kila janga ina ukubwa wake. Moto hutokea mara chache lakini unaweza kumaliza kila kitu kwa saa moja. Mota kuungua hutokea mara nyingi zaidi, na gharama yake fundi anaweza kuibeba akiwa amejiandaa. Nunua bima kwa hasara inayoweza kukufunga kabisa, na weka akiba kwa hasara inayokusimamisha wiki moja. Kwa msingi huo, mpangilio wetu ni huu.

Ya kwanza: bima ya moto na majanga yanayoambatana nayo

Hii ndiyo ya kununua hata kama pesa inatosha bima moja tu. Karakana ya mbao ina maranda sakafuni, vumbi juu ya kenchi, thina na vanishi pembeni, na mara nyingi nyaya zilizoongezwa kila mashine mpya ilipokuja. Moto ukishika hapo, hakuna akiba ya fundi mdogo inayotosha kurudisha kilichopotea. Mwambie wakala aongeze mafuriko na dhoruba kama eneo lenu ni la bondeni. Nyongeza hizo huandikwa wazi kwenye hati ya bima, kwa hiyo kama hazimo, usizihesabu.

Kosa kubwa hapa ni kutaja thamani ndogo ili ada ishuke. Tuchukue karakana yenye mashine ya kuranda ya 6,500,000, msumeno wa meza wa 3,500,000, mashine ya kuchonga ya 4,000,000, vifaa vya mkono vya 3,000,000, mbao za 8,000,000 na samani za 5,000,000. Jumla ni shilingi 30,000,000. Mwenye karakana akakata bima ya 15,000,000, akiamini kwamba moto hauwezi kula zaidi ya hapo. Moto ukatokea na kuharibu mali ya 10,000,000. Atalipwa 10,000,000? Hapana. Kampuni itasema umekatia nusu ya mali, kwa hiyo inabeba nusu ya hasara: 5,000,000. Kama hati inasema mteja hubeba asilimia 10 ya dai, itatolewa 500,000 na atapokea 4,500,000. Hiyo ndiyo kanuni ya wastani, na imo karibu katika kila hati ya moto. Taja thamani kamili, na uulize kama italipwa bei ya kifaa kipya au bei ya kifaa kilichotumika, maana jibu hilo ndilo linaloamua uandike bei ipi.

Kabla ya kulipa, soma sehemu tatu za hati. Ya kwanza ni masharti ya usalama: mara nyingi kampuni hutaka maranda yatolewe kila siku jioni, thina ihifadhiwe kwa kiasi kilichotajwa, na mitungi ya kuzimia moto ikaguliwe kwa wakati. Ukivunja sharti, umeipa kampuni sababu ya kukataa dai. Ya pili ni mali ya wateja. Kabati ulilolipwa malipo ya awali, au viti ulivyoletewa kukarabati, vitajwe kwa maneno kwamba ni mali ya watu iliyo mikononi mwako. Ya tatu ni jengo. Kama umepanga, jengo ni la mwenye nyumba, na wewe unakatia vilivyomo. Lakini moto ukianzia kwako ukala jengo na karakana ya jirani, watakuja kukudai wewe. Uliza bei ya kuongeza dhima kwa watu wengine.

Ukiwa na mkopo wa benki uliokuja na bima, usidhani umemaliza. Omba nakala uone kiasi. Mara nyingi kiasi hicho ni sawa na deni, na fidia huenda kwa mkopeshaji kwanza.

Ya pili: akiba ya fedha taslimu kwa ajili ya mashine

Tumeiweka juu ya bima ya wizi makusudi. Bima ya moto haiwezi kuziba pengo hili, ingawa wengi hudhani inaziba. Mota ikiungua kwa shoti yake yenyewe au kwa kulemewa, hati ya kawaida ya moto hailipi mota hiyo. Inalipa vile vingine ambavyo moto ulivifikia kutoka kwenye mota. Kwa hiyo harufu ya vanishi iliyoungua na moshi mdogo kwenye mashine ya kuranda ni gharama yako.

Na mota nyingi za karakana hufa kwa sababu moja inayojulikana. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja, kwa fyuzi iliyokatika au waya uliolegea kwenye swichi, haizimi. Inaendelea kuzunguka ikinguruma kwa sauti nzito, inakosa nguvu ubao ukiingia, na mwili wake unakuwa moto kiasi cha kutoshikika. Kinachotakiwa kuikata ni relei ya kuzuia kulemewa iliyo kwenye stata. Mota ya kilowati 5.5 ya volti 400 huvuta takriban ampea 11. Ukifungua boksi la stata ukakuta relei imewekwa 16, ujue mtu aliipandisha kwa sababu ilikuwa ikikata kila mara, naye hakutafuta kwa nini. Irudishe kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, kisha ongeza relei ya kulinda fezi. Matumizi hayo yana faida kuliko bima yoyote ya mashine.

Kiasi cha akiba hupatikana kwa kujumlisha vitu vitatu: matengenezo ya gharama kubwa zaidi yanayoweza kutokea kwa mashine moja, gharama za siku utakazosimama, na ile sehemu ya hasara ambayo hati ya bima inakuachia ubebe. Kwa karakana yetu, tuseme kusuka mota upya ni 400,000 na beringi 60,000. Kusimama siku 7, kodi na posho za vijana zikiwa 45,000 kwa siku, ni 315,000. Asilimia 10 ya dai la moto la 10,000,000 ni 1,000,000. Jumla ni 1,775,000, weka lengo 1,800,000. Ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni 6,000 kila siku ya kazi. Pesa hiyo ikae kwenye akaunti yake au laini yake, mbali na ile unayonunulia mbao, kwa sababu ikichanganyika na mtaji itaisha kabla mota haijafa.

Ya tatu: bima ya wizi wa kuvunja

Inunue baada ya moto na baada ya kuanza akiba. Udhaifu wake uko kwenye jina lenyewe: inalipa pale mwizi alipovunja na alama zikaonekana. Kufuli iliyokatwa, bati lililobanduliwa, dirisha lililong'olewa. Mwizi akiingia kwa ufunguo wa bandia, au kijana wa kazi akitoka na routa kwenye begi, hati ya kawaida hailipi. Mbao zilizolala kibarazani nje ya mlango nazo hazimo. Kama hofu yako ni wafanyakazi, uliza bima ya uaminifu wa wafanyakazi, ambayo ni hati nyingine.

Jambo la kuomba hapa ni mpango wa ukomo. Hakuna mwizi atakayebeba mashine ya kuranda na stoo nzima ya mbao usiku mmoja. Atachukua drili, sanda, grainda, routa na labda mota moja. Unaitajia kampuni thamani yote ya 30,000,000, lakini mnakubaliana isilipe zaidi ya, tuseme, 4,000,000 kwa tukio, na ada inashuka. Ukificha thamani kamili, kanuni ya wastani inarudi hapahapa.

Ili uone bei inavyojengwa, tufanye kampuni imekupa asilimia 0.6 kwa moto na asilimia 1.5 ya ukomo kwa wizi. Moto ni 180,000, wizi 60,000, jumla 240,000. Ongeza VAT, tuseme ya asilimia 18, yaani 43,200, inakuwa 283,200 kwa mwaka, sawa na 23,600 kwa mwezi. Asilimia hizo ni za kuhesabia tu. Kiwango chako kitategemea ukuta ni wa tofali au mabanzi, na nani yuko jirani, na kampuni nyingi zina kiwango cha chini cha ada. Chukua bei kwa kampuni tatu, zote kwa orodha ileile ya mali.

Ya mwisho: bima ya kuharibika kwa mitambo

Kwa karakana hii, iache. Mara nyingi haigusi mikanda, visu, misumeno wala uchakavu, kampuni hutaka kumbukumbu za matengenezo, na mashine ya mtumba isiyo na kibati wala namba huweza kukataliwa. Sehemu unayobeba mwenyewe nayo mara nyingi hukaribia gharama ya kusuka mota. Inaanza kuwa na maana ukinunua mashine moja ya kuchonga inayoendeshwa kwa kompyuta ambayo thamani yake inazidi vifaa vingine vyote.

Unapolipa, na siku ya dai

Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na ulipe kwa akaunti au namba ya malipo ya kampuni, kamwe si mfukoni kwa wakala. Siku ambayo malipo hayajafika, jihesabu huna bima.

Piga picha kila mashine pamoja na kibati chake cha namba, risiti za EFD zote, na stoo ya mbao mara moja kwa mwezi, kisha zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Karatasi zikibaki kwenye droo ya karakana zitaungua pamoja na karakana. Mitungi miwili ya poda ya kilo 6 au 9 ikae karibu na mlango, si nyuma ya mashine, ili anayeifuata awe anaelekea njia ya kutokea.

Janga likitokea, moto piga 114, wizi nenda polisi uchukue RB, na ijulishe kampuni kwa maandishi siku hiyohiyo. Usifagie majivu wala kutengeneza mlango kabla mkadiriaji wa hasara hajaona, isipokuwa kuzuia mali iliyobaki isiharibike, na hilo nalo lipigie picha kwanza. Ukikataliwa na huridhiki, omba sababu kwa maandishi zikitaja kifungu cha hati, kisha zipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.