Nilivyoagiza halua na vileja vya Idi kabla mwezi haujaandama

Salamu za duka moja la vitamutamu zilinifikia kwenye simu usiku wa kuamkia 21 Ramadhani, tumetoka Tarawehe. Picha ya sinia: halua katikati, vileja vimepangwa duara, visheti vyeupe kwa sukari pembeni. Maneno yalikuwa machache. "Kumi la mwisho limeingia. Tunawatakia Idi njema nyote na wazee wenu. Oda za halua, vileja na visheti zinapokelewa mpaka 25. Arubuni nusu. Mzigo utachukuliwa siku ya mwisho ya Ramadhani."

Duka lenyewe liko hapa Mombasa, na sitalitaja jina kwa sababu nina sifa nalo na nina lawama nalo. Kwetu vitamutamu vya Idi tulizoea kuoka wenyewe, mama akipalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria na moto mwingine chini. Mwaka huu magoti yake yamekataa, nami narudi kazini jua limeshaanza kuzama. Ikabidi kununua.

Nilisoma yale maneno mara mbili, nikakwama pale penye "siku ya mwisho ya Ramadhani". Ni ipi hiyo? Mwezi ukiandama usiku baada ya futari ya 29, siku ya mwisho imeshapita na duka lina foleni hadi barabarani. Usipoandama, kuna siku nyingine nzima ya kufunga. Na huku kwetu kuna wanaofuata mwezi wa Saudia na wanaongoja uonekane hapa hapa, kwa hiyo mtaa mmoja waweza kula Idi siku mbili. Nikapiga simu. Aliyepokea, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akasema, "We njoo tarehe 29 baada ya Alasiri, mwanangu, usingoje mwezi. Kama haukuandama, vitalala kwako, haviharibiki." Jibu zuri, ila lingekaa palepale kwenye tangazo lingeokoa simu za watu wengi.

Maneno yake ya "haviharibiki" ndiyo yaliyonichagulia cha kuagiza. Halua ikiiva sawasawa hukaa siku nyingi nje ya friji. Vileja vilivyokauka vizuri hukaa kwenye kopo wiki na zaidi. Kaimati na mkate wa kumimina sikutaka hata kuuliza, maana hivyo huliwa siku ile ile; mwezi ukichelewa vimekwisha raha yake.

Kabla ya kutoa arubuni nilipita dukani usiku nikanunua robo ya vileja. Nawashauri mfanye hivyo, na mfanye usiku. Mchana wa Ramadhani wanaopika wamefunga kama wewe, hakuna anayekula kujua kama iliki imezidi au samli imechacha. Nilimpelekea mama kimoja na kahawa chungu. Hakukitia mdomoni kwanza. Alikibana kwa vidole viwili, kikamomonyoka kama mchanga mkavu, akatikisa kichwa kukubali. Mwaka juzi tuliletewa vingine kutoka kwengine, alipovibana vilikatika "ta!" vipande viwili, akasema, "Hichi si kileja, hii ni biskuti." Alikuwa na maana yake. Kileja ni unga wa mchele, na mchele hauna ule mnato wa ngano unaoshikanisha donge, kwa hiyo lazima kimomonyoke. Kikikatika kwa mlio, ujue kimechanganywa ngano ili kisivunjike njiani. Na harufu nayo: samli hubaki kwenye vidole hata ukishamaliza kula, majarini haibaki. Hivi vya robo vilikuwa na samli.

Basi nikaagiza halua kilo 2 kwa 800 kila kilo, vileja kilo 2 kwa 900, na visheti kilo 1 kwa 600. Jumla shilingi 4,000, arubuni 2,000 kwa M-Pesa. Niliomba waniandikie uzito na bei kwenye ujumbe, maana picha ya sinia haikuonyesha kilo ngapi zimo, na sinia hilo hilo ukilitandika vizuri nusu kilo huonekana imejaa.

Tarehe 29 nilifika saa kumi na nusu. Oda zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, kila moja na jina na baki ya malipo juu yake. Dakika tano nimeshatoka. Hapo nawapa heko bila kinyongo.

Halua ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Wanga usiokorogwa vya kutosha huacha vijipunje vyeupe na ladha ya ubichi inayogandia nyuma ya ulimi. Sukari iliyoharakishwa hurudi kuwa chenga juu baada ya siku mbili. Hii ilikuwa inang'aa, ukiibonyeza inarudi polepole, na haikuganda kidoleni, samli ikabaki kidogo tu pembeni ya kibati. Zafarani yake ilisikika kabla ya kungumanga. Nusu kilo nilimtumia dada yangu Nairobi kwa basi, naye akapiga simu kulalamika kwamba imefanya utando mweupe juu. Nilicheka. Baridi ya Nairobi hugandisha samli, basi. Aiweke karibu na jiko dakika kumi.

Vileja vilikuwa sawa na vile vya robo. Vitano au sita vilivunjika kwenye boksi, lakini ndivyo vilivyo, na kuvunjika kwao ni ushahidi mzuri. Niliwatengea watoto makombo.

Lawama yangu ni visheti. Nilipofungua kopo nyumbani, chini ya mfuniko palikuwa na matone ya maji, na ile sukari nyeupe ya juu imeyeyuka imekuwa utomvu. Visheti vya chini vilikuwa vimeshikana na kulainika. Hapana shaka vilifungwa vikiwa bado na moto wa shira: mvuke hupanda, hugonga mfuniko, hurudi juu ya sukari. Vingeachwa wazi mpaka vipoe kabisa visingefika hapo. Nilivitandaza kwenye sinia chini ya feni usiku kucha, vya juu vikakauka, vya chini havikusikia dawa. Usingoje kufika nyumbani kama mimi. Inua kopo dukani, tazama mfuniko kwa chini, ukiona umande usichukue.

Niliwapigia. Hawakubishana, wakanirudishia 300, na yule mama akasema walikuwa wanakimbizana na Magharibi. Namwamini, lakini oda walizipokea wao, na tarehe ya mwisho waliiweka wao. Wangefunga oda tarehe 22 wangepata pumzi.

Mwezi haukuandama usiku ule. Vyote vililala kabatini siku moja zaidi, na asubuhi ya Idi wageni walipotoka kuswali walikuta halua na vileja kama nilivyovipokea. Visheti nilivificha jikoni.

Kwa Idi ya Mfunguo Tatu nimeshawaambia waniandikie halua kilo 3. Ile haina haraka hii, kwani mwezi ukishaandama, Idi ni siku ya kumi na kila mtu anaijua. Nitachukua tarehe 8. Visheti nitavikaanga mwenyewe, mama amesema atakaa kwenye kiti anielekeze shira.