Fidla ya Idi niliyoinunua kwa pupa

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka mitano na nusu. Kwenye harusi, taarab ikianza, habanduki mbele ya wapiga fidla. Basi nikasema sikukuu yake ya Idi safari hii isiwe gauni, iwe mafunzo. Nikalipia miezi mitatu kwa mwalimu mmoja wa hapa Mjini, na fidla nikanunua mwenyewe, saizi ya nusu, kubwa kidogo ili akue nayo, kama tunavyonunua sare za skuli.

Usiku niliijaribu, haikulia kabisa. Nikajua nimeuziwa mbovu. Kumbe upinde mpya usiopakwa ulimbo huteleza tu juu ya nyuzi.

Siku ya kwanza mwalimu hakuigusa fidla. Alimnyoosha mtoto mkono wa kushoto, akapima kwa futi ya fundi cherehani kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja: sentimita 46. Fidla ya nusu inataka zaidi ya 50. Mkono ule ni wa fidla ya moja ya nane, na ya robo itafuata karibuni. Ikiwa kubwa, kiwiko hunyooka, bega hupanda, vidole havifiki vizuri, na mtoto huona mwenyewe ndiye hawezi.

Kisha akampigia makofi, mtoto arudishe. Alirudisha sawasawa. Akamwimbia sauti moja, mtoto akaifuata baada ya kukosea mara mbili. Lakini dakika ya nane alikuwa chini ya meza. Nikasema basi, bado mdogo. Mwalimu akaniuliza, "Ametokea wapi saa hizi?" Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Asubuhi skuli, mchana chuoni kusoma Kurani. Akatuambia turudi Jumamosi asubuhi, na siku hiyo alikaa dakika kumi na nane bila kusukumwa. Kama si swali lile ningemwondoa kwa sababu ya uchovu tu.

Mwezi wa kwanza walipiga dumbak na kuimba, fidla ya moja ya nane ikaja wa pili, ya kuazima. Kila siku dakika kumi nyumbani, na mtu mzima akae naye. Hilo sikulifikiria: mtu huyo ni wifi yangu, ana mtoto mchanga, na mimi nilimpa kazi bila kumuuliza. Tumegawana, Jumamosi na Jumapili ni zangu.

Mwalimu nampa nyota tano. Ofisi yao nyota mbili: walipokea pesa za miezi mitatu bila kuuliza umri wa mtoto, na nilipoomba nianze na mwezi mmoja wakakataa kurudisha. Lipeni kidogo kwanza, mtoto apimwe, chombo kinunuliwe mwisho.

Ile ya nusu iko kabatini kwangu. Kwenye gari siiachi, joto la mchana huachisha gundi.