Pawabenki ya 20,000 mAh inajaza simu mara ngapi? Uzoefu wangu

Pawabenki ninayotumia imeandikwa 20,000 mAh kwa herufi kubwa, na simu yangu ina betri ya 5,000 mAh. Ukigawanya unapata mara nne. Hazifiki, na si lazima pawabenki iwe feki. Namba hizo mbili zimepimwa kwenye volti tofauti, kwa hiyo hazigawanyiki moja kwa moja. Zigeuze kwanza kuwa wati-saa:

```
Wh = mAh × V ÷ 1000
```

V hapa ni volti ya betri iliyo ndani, si 5V ya tundu la USB. Betri za pawabenki nyingi ni 3.7V, hivyo 20,000 × 3.7 ÷ 1000 ni 74 Wh. Ukiweka 5V utapata 100 Wh, nishati ambayo haimo.

Sasa geuza kifaa usome maandishi madogo. Yangu inasema 12,000 mAh kwa 5V, yaani 60 Wh zinazotoka kwenye tundu. Hiyo ndiyo namba ya kuamini. Tofauti ya 14 Wh hupotea kama joto wakati saketi inapandisha volti kutoka 3.7 hadi 5, ndiyo maana kifaa huwa cha uvuguvugu. Kupoteza takriban asilimia 19 namna hii naona ni kawaida. Kama yako haina mstari huo, zidisha Wh za betri kwa 0.8.

Upande wa simu, betri yake ni ya 3.87V, hivyo 5,000 mAh ni 19.35 Wh. Lakini simu nayo hupoteza nishati inapochaji. Nikiweka kipimo cha USB katikati ya kebo, simu ikiwa imezimwa, kutoka sifuri hadi mia huvuta karibu 22 Wh. Gawanya 60 kwa 22: ni mara 2.7, na ndivyo ninavyopata. Ukichaji huku unatazama video, au ukitumia chaji isiyo na waya, itapungua zaidi.

Ukinunua kipimo hicho, soma Wh, achana na mAh. Chaji ya haraka ikipanda hadi 9V, zile 60 Wh zitaonekana kama 6,667 mAh tu, na mtu atadhani ameibiwa wakati nishati ni ileile.

Kwa hesabu hii pawabenki yangu naipa alama nzuri: imetoa ilichoandika kwenye maandishi madogo. Zipo zisizotoa, na mizani ya jikoni huziumbua. Betri za lithiamu za 74 Wh peke yake huwa na uzito wa takriban gramu 300 au zaidi, kabla ya kasha na saketi. Ukikuta 20,000 mAh yenye gramu 180, usihangaike kupiga hesabu, irudishe.