Friji limebadilishwa tu, kamisheni yangu wameichukua yote

Jamani hili jambo nimekaa nalo wiki kama mbili nikasema niache yaishe, ila leo nimefungua akaunti nimekuta bado wananidai, basi ngoja niseme. Duka silitaji jina, ni la mtandaoni hapa hapa Dar, unawapelekea wateja kwa linki yako wanakupa asilimia 5 ya bei ya bidhaa.

Nilimtumia linki mama mmoja wa Tegeta, akanunua friji la laki nane na nusu. Kamisheni yangu hapo 42,500. Ikakaa `Pending` siku 14 kama kawaida yao, ikawa `Approved`, kesho yake hela ikaingia kwenye simu, nikalipa ada ya mtoto nikajua nimemaliza. Kumbe sijamaliza. Siku ya pili yake nakuta `Reversed`, halafu salio limeandikwa -42,500, yani mimi ndo nadaiwa!

Nikampigia yule mama, nikidhani kalikataa friji. Ananiambia mwanangu mbona friji ninalo na linagandisha vizuri tu, lile la kwanza lilikuja limebonyea mlango, nikawapigia wakaja na kirikuu wakalichukua wakaniletea lingine lile lile, sijarudishiwa hata shilingi. Nikamwomba anitumie meseji walizomtumia, nikaona namba ya oda ni mpya kabisa, siyo ile ya kwanza.

Hapo ndo nikaelewa. Wao kubadilisha kitu hawakuandiki kama kubadilisha, wanaandika vitu viwili: oda ya zamani imerudishwa, oda mpya imefunguliwa. Ya zamani ikirudi mfumo unafuta kamisheni wenyewe, hauulizi. Ile mpya kaifungua mfanyakazi wao ofisini kwenye kompyuta yake, hakuna mtu aliyebonyeza linki, kwahiyo ile `ref=` ya kwenye linki yenye namba yangu haipo, na hata kuki, yani ile alama ya linki yangu iliyobaki kwenye simu ya yule mama, haina kazi maana oda haikutokea kwenye simu yake. Halafu hata angeagiza mwenyewe, muda wao wa kunihesabia mteja ni siku 7 toka abonyeze linki, na hapo zimeshapita siku 16. Kwahiyo friji moja, mteja mmoja, hela yote imebaki dukani, mimi sifuri.

Na kingine kilichoniuma, hizo siku 14 wanahesabu toka siku ya kuagiza, wakati mteja ana siku 7 za kurudisha toka siku ya kupokea. Friji lilichelewa likafika siku ya 11, ina maana mama alikuwa na haki ya kurudisha mpaka siku ya 18, wao siku ya 14 wameshaniidhinishia na ya 15 wamenilipa. Sasa mnanilipaje hela ambayo bado inaweza kurudi? Wangehesabu toka siku mzigo umefika nisingeigusa.

Nikapiga kastoma kea. Kaka mmoja hata salamu hakuitikia, nimeanza tu kueleza anasema "dada mzigo umerudi kamisheni inarudi, kwani friji ulinunua wewe? Soma masharti." Akakata. Masharti nimeyasoma mimi, yameandikwa kamisheni inafutwa mteja akirudishiwa hela. Akirudishiwa HELA. Huyu kapewa friji!

Siku hiyo niliapa siwatumii tena, na nikawa namwambia kila mtu asijiunge. Ila kiukweli kwenye kuhesabu linki wako vizuri, mteja amebonyeza Jumatatu kanunua Jumamosi na wameniandikia bila shida, na malipo hayajawahi kuchelewa. Nikapiga tena nikampata mdada mstaarabu sana, kanisikiliza mpaka mwisho, akasema nimtumie namba zote mbili za oda ataomba ziunganishwe ili kamisheni ihamie kwenye ile mpya. Hasira zikapoa nikasema labda niliwahukumu haraka.

Sasa kuna mteja mwingine alinunua pasi ya elfu 60, kamisheni 3,000, juzi ilivyoidhinishwa wameikata moja kwa moja kwenye deni. Hela ya pasi haihusiani na friji kabisa! Kama unataka kujiunga nao waulize kwanza siku za kusubiri zinaanza lini, na ukiona `Reversed` mpigie mteja wako siku hiyo hiyo umuulize karudishiwa hela au kabadilishiwa, na uchukue namba ya oda mpya.

Mimi zote mbili nimeshatuma, na skrinishoti ya meseji za mama nimeweka. Yule mdada anasema bado iko kwa wahasibu. Akaunti yangu saa hizi inasoma -39,500.